Meno ya Nyuma

Fundi Onema wa Kindu alikuwa na ugonjwa mmoja wa mafundi wote: alichokifunga kwa mikono yake hakukikagua tena. Baiskeli ya mtu mwingine ataipindua juu chini, ataisikiliza, ataitukana. Lakini ukimwambia kwamba labda ile aliyoiunda yeye ina kasoro, anakuangalia kama umemtukania mama. Nyani haoni kundule, na fundi haoni kazi yake.

Ugonjwa huo ulimgharimu miaka zaidi ya ishirini.

Siku picha ilipofika, Onema alikuwa peke yake kibandani, kama siku zote. Alikuwa na miaka sitini na minne. Alipika mwenyewe, alifua mwenyewe, na kwenye meza yake kulikuwa na kikombe kimoja, kwa kuwa cha pili kilivunjika na hakuona sababu ya kununua kingine. Simu ikalia. Alikuwa Sandrine, binti wa marehemu shemeji yake Djuma, akipiga kutoka Lubutu alikoolewa.

"Tonton, mama alipokufa nilifungua valizi yake. Mule ndani iko photo moja ya papa na kinga. Nimekutumia. Angalia muzuri huyu mwanamuke ku nyuma. Si njo shangazi Odile?"

Onema akafungua picha. Ilikuwa picha ya karatasi iliyopigwa tena kwa simu, imefifia kwenye kona. Djuma amesimama ameshika usukani wa hiyo kinga, yaani baiskeli; kijana, kofia kichwani. Nyuma, kwenye keria, ameketi mwanamke kiubavu, miguu upande wa mnyororo, kitenge kimemfunika hadi mabegani kama mtu anayesikia baridi. Uso wake umegeuka kidogo. Chini imeandikwa kwa kalamu: Kalima, mwezi wa pili 1999.

"Njo yeye," Onema alisema, kisha akakata simu bila kuaga.

Msomaji, huyu Odile alikuwa mke wake. Vita vilipoingia mjini, watu walikimbia. Odile alikuwa na homa, na Djuma, mdogo wake, alikuja kumchukua ampeleke Kampene kwa ndugu zao, juu ya baiskeli ya Odile mwenyewe. Onema alisema, "Tangulieni, nitawafuata." Akabaki kulinda vifaa vyake. Ndiyo, vifaa: bisibisi, spana, visanduku vya gololi. Siku nne baadaye wenye bunduki walivunja mlango wakabeba walichotaka, na yeye akajificha kwenye migomba akiwaangalia. Vifaa vikaenda, na mke alikuwa ameshakwenda. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Wiki kadhaa baadaye mfanyabiashara mmoja alimletea karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nane:

"Shemeji Onema. Dada amelala. Kutoka daraja ya Lubelenge, kuenda Kampene, mizunguko 340 ya pedali, mukono ya kushoto, hatua kumi na mbili mu pori. Tulikuwa tunahesabu pamoja. Ku 340 alinyamaza. Niliweka alama, utaijua. Djuma."

Barua nyingine haikuja. Mwaka uliofuata Djuma alifukiwa na udongo kwenye shimo la machimbo, na baiskeli ikapotelea hukohuko.

Wabebaji wa mizigo kwa baiskeli wa njia ile, Djuma akiwemo, walikuwa na desturi ya kuhesabu. Barabara haikuwa na vibao vya kilomita, hivyo kila wakivuka daraja walianza upya: moja, mbili, tatu, kila mguu wa kulia unaposhuka. Wakifika elfu wanapumzika. Djuma hakuacha pedali zizunguke bure hata mara moja, kwani alisema kuteleza ni kuiba hesabu.

Kwa hiyo Onema hakuona shida. Baiskeli ile aliiunda yeye. Mbele gurudumu la meno arobaini na manne, nyuma pinyo, yaani kigurudumu cha meno cha nyuma, ya meno kumi na nane. Aliunda nyingine ya namna hiyohiyo, akaenda kulitafuta kaburi mwaka 2004. Kutoka darajani alihesabu mia tatu na arobaini, akaingia kushoto, akafyeka siku nzima. Hakuona msalaba wala jiwe. Mwaka 2011 akarudi, akahesabu, akafyeka palepale. Mwenyeji mmoja alimshauri atafute na mahali pengine pa barabara. Onema akamjibu kwamba hesabu haidanganyi, akarudi Kindu na panga lake. Tangu hapo aliamini kwamba pori limemmeza mkewe, na akaacha kwenda hata kanisani siku ya kuwaombea marehemu, kwa aibu ya kutokuwa na mahali pa kuweka ua.

Sasa aliikuza picha kwa vidole viwili. Alitaka uso. Lakini jicho la fundi ni kama mbwa wa mawindo aliyenusa harufu, halimtii mwenyewe. Likashuka chini kwenye ekseli ya nyuma, likakwama hapo. Ekseli ilikuwa imesogezwa mbele mno ndani ya mpasuo wa fremu, karibu upana wa kidole kizima kuliko alivyoifunga yeye. Kwa nini mtu asogeze tairi mbele? Kwa sababu mnyororo umekuwa mfupi. Na mnyororo uleule unakuwa mfupi pale tu unapozunguka kitu kikubwa zaidi.

"Hapana," Onema alisema kwa sauti. "Nilifunga kumi na nane. Nilifunga miye mwenyewe."

Akaenda kwa Elodie, mwenye mashine ya kuchapa karatasi karibu na ofisi za serikali, akaomba sehemu ya mnyororo peke yake, ijaze ukurasa. Elodie akamwuliza kama anatafuta uso wa marehemu. Akajibu kwamba anatafuta meno. Yule mama akamwonea huruma kimyakimya.

Kibandani akaipigilia karatasi mezani. Gurudumu la meno la mbele, lile la pedali, lilionekana vizuri. Nusu ya nyuma yake haina mnyororo: meno ishirini na mawili. Nusu ya mbele imefunikwa, lakini mnyororo ukikaa juu ya meno, kila pini yake inaingia kati ya meno mawili, hivyo ukihesabu pini umehesabu meno. Ishirini na mbili. Jumla arobaini na manne. Hapo alikuwa sahihi, akavuta pumzi.

Nyuma palikuwa na kazi. Kisigino cha Odile kilikuwa kimening'inia mbele ya pinyo, kimefunika nusu iliyo wazi. Onema alikitazama kisigino kile kwa muda mrefu. Alikijua, kilikuwa na kovu la jembe. Kisha akachora mstari wima katikati ya ekseli, akahesabu pini upande ambao mnyororo ulikuwa umeikumbatia pinyo, kutoka juu ya mstari hadi chini yake. Kama pinyo ni ya kumi na nane, nusu yake ni tisa.

Akapata kumi na moja.

Akahesabu tena akiweka nukta ya kalamu kwenye kila pini. Kumi na moja. Akavaa miwani, akahesabu kutoka chini kwenda juu. Kumi na moja, na mara mbili yake ni ishirini na mbili.

Sasa akakumbuka, na kumbukumbu ikamchoma. Odile alikuwa akiiendesha baiskeli ile na mizigo ya mihogo, akimsihi kila wiki: "Onema, nifungie ile pinyo kubwa iko mu sanduku. Kilima ya mtoni inaniua." Naye alicheka. "Ile njo ya wazee. Utaenda sawa kobe." Baada ya uporaji alipokagua sanduku, pinyo ya ishirini na mbili haikuwemo. Miaka yote aliwalaumu wenye bunduki.

Akampigia Sandrine.

"Papa yako alibadilisha pinyo?"

"Papa? Papa hakujua hata kufunga burungi, hata nati moja," Sandrine akasema. "Mama alisemaka shangazi njo alifungua, alifunga, na homa yake vile. Alisema: Djuma, na hii hautachoka kunibeba. Alisema alikuangalia weye miaka kumi, alijua."

Onema akaweka simu chini, akalia. Hakulia hivyo hata siku karatasi ilipofika.

Alipomaliza akafanya alichopaswa kufanya zamani. Alitia alama ya chokaa kwenye tairi, akaliviringisha sakafuni mzunguko mmoja akiwa ameketi juu ya baiskeli, akapima: mita mbili na sentimita ishirini. Arobaini na nne kwa kumi na nane, tairi inazunguka mara mbili na karibu nusu kwa kila mzunguko wa pedali: mita tano na sentimita thelathini na nane. Lakini arobaini na nne kwa ishirini na mbili ni mbili kamili: mita nne na sentimita arobaini tu. Mara mia tatu na arobaini, mita elfu moja mia nne tisini na sita. Yeye alikwenda hadi elfu moja mia nane ishirini na nane. Alipitiliza kwa zaidi ya mita mia tatu, na mita mia tatu za pori lile ni nchi nyingine.

Akatafuta pinyo ya ishirini na mbili, akaifunga, akasogeza ekseli mbele kama ilivyokuwa pichani. Kisha akaondoka. Siku ya nne alikuwa kwenye daraja la Lubelenge, magoti yakimwaka moto.

Akashusha mguu wa kulia. "Moja."

Ilikuwa kweli kama alivyomwambia Odile zamani, unaenda kama kobe. Alihesabu kwa sauti. Hakuna aliyehesabu pamoja naye. Ndege tu, na mnyororo. Kwenye mia tatu na kumi sauti ilianza kumtetemeka, kwa maana alijua kwamba mahali fulani hapo sauti ya mkewe nayo ilianza kupungua. Mia tatu thelathini na nane. Mia tatu thelathini na tisa. Mia tatu arobaini. Akafunga breki.

Kushoto, hatua kumi na mbili. Hapakuwa na msalaba. Akapiga magoti akafukua majani yaliyooza kwa mikono, huku na huku, mpaka kucha zikagonga chuma. Kilikuwa kimesimamishwa ubavuni kati ya mawe mawili, kutu tupu, mzizi umepita katikati yake. Akakipangusa kwa shati. Djuma hakuwa na mbao wala msumari, na kitu pekee ambacho shemeji yake angekitambua ni kile Odile alichokifungua.

Onema akapitisha kidole juu ya meno, moja moja, akihesabu. Kumi na nane.

Akakaa chini kando yake. Alipiga hesabu kichwani, kwani hakujua njia nyingine ya kuomboleza. Mwaka 2004 na mwaka 2011, akiwa na baiskeli yake ya kumi na nane, alifika mbele ya mahali hapa kwenye mzunguko wa mia mbili sabini na nane. Alikuwa akihesabu kwa sauti kubwa, mwenye uhakika, macho mbele. Mara zote mbili alimpita mkewe hatua kumi na mbili, akaendelea mizunguko sitini na miwili mingine.

"Odile," alisema, "ulikuwa na haki. Ile kubwa njo ilifaa."

Jua lilipoanza kuteremka aliinuka, akaiacha pinyo ilipo, akatoka barabarani. Akapanda, akageuza baiskeli kuelekea Kindu. Mguu wa kulia ukashuka.

"Mia tatu na makumi ine na moja," akasema, kisha akamsubiri Odile kidogo kabla ya kuendelea.