Sentensi Ndefu ya Waziri

Kiitaliano cha sokoni na cha mezani Saturnini alikimudu bila shida, maana alisoma seminari Roma kabla ya kuiacha njia ya upadri na kurudi Nachingwea kufundisha historia. Kilichomtoa jasho ni Kiitaliano cha wanasiasa. Watu wale hawasemi sentensi, wanajenga ghorofa, na wewe unayewafuata unapanda ngazi bila kujua kama huko juu kuna paa.

Siku hiyo redio ya Ruangwa ilimwita aje kutafsiri moja kwa moja hewani. Waziri mmoja wa Italia alikuwa anahutubia bunge lao kuhusu meli ya mizigo iliyozama karibu na Sisilia. Mpishi wa meli hiyo alikuwa Twalha, kijana wa Nandagala, ambaye Saturnini alimfundisha mwenyewe na kumpenda kwa utundu wake. Wenzake wote walishapatikana, wazima kwa maiti. Yeye bado.

Mama yake, Binti, alikuwa amekataa katakata kuweka matanga. Aliyemgusia sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyeonekana, alijibiwa hapo hapo: "Mwanangu anatafutwa. Siku wakiacha kumtafuta, ndipo nitalia." Basi kila mtu Nandagala alisubiri jambo moja tu kutoka kwa waziri: wanaendelea, au wameacha.

Saturnini aliomba nakala ya hotuba mapema, kama mkalimani yeyote angeomba, akaikosa. Badala yake alipewa onyo na Lydia, mtangazaji aliyesimamia kipindi. "Mwalimu, usininyamazie hewani, watu watahamia stesheni nyingine. Halafu sentensi fupi fupi. Hii ni taarifa ya habari, siyo mahubiri."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Waziri aliposema hatazungumzia ujasiri wa waokoaji wake, wala hatazungumzia usiku waliokesha, wala mikono yao iliyochubuka, Saturnini hakunaswa. Alijua mtu huyo anayazungumzia yale yale anayodai kuyaruka, akatangaza kwa kifupi: "Waziri amewasifu waokoaji."

Kisha waziri akapandisha sauti. Kama ni kweli, na kweli ni kweli, kwamba hakuna mama anayestahili kumlilia mwana asiye na kaburi. Kama ni kweli kwamba boti zetu zimepambana na mawimbi usiku na mchana. Kama ni kweli kwamba Italia haimwachi mtu baharini...

Aliyewahi kusikiliza hotuba za kule anajua kwamba "kama ni kweli" ya namna hiyo imebeba "lakini" mgongoni. Saturnini alilijua hilo fika. Angeweza kusubiri. Angeweza kutanguliza kwamba waziri anakubali hiki na kile, msikilizaji akakaa tayari. Lakini nyuma ya kioo Lydia alikuwa anazungusha kidole, sema, sema, na moyoni mwake Saturnini alimwona Twalha akicheka dawati la nyuma. Alitaka iwe kweli. Ile "kama" akaiacha.

"Hakuna mama anayestahili kumlilia mwana asiye na kaburi," alisema. "Boti zetu zinapambana na mawimbi usiku na mchana. Italia haimwachi mtu baharini."

Alisema vizuri mno. Ndipo waziri akashusha pumzi na kuimalizia sentensi yake: ni kweli vilevile kwamba bahari haingoji, na kwamba jana jioni, kwa uchungu mkubwa, utafutaji umesitishwa.

Saturnini alitafsiri hilo pia. Aliomba radhi, akarudia yote kwa mpangilio wake. Hotuba ilipoisha simu yake iliita. Alikuwa Abdulkarimu, mdogo wake Binti.

"Mwalimu, Mungu akuzidishie! Dada kasikia hawamwachi mtu, kazima redio hapo hapo, kakimbilia nje anapiga vigelegele. Majirani wamejaa. Tunapika pilau!"

Habari ile haikuwa ya kupeleka kwa simu. Saturnini akachukua bodaboda mpaka Nandagala, na njia nzima aliomba pancha.

Alimkuta Binti uani, mwiko mkononi, uso umenawiri kama wa bibi harusi. Watu wakampisha mgeni wa heshima.

"Mama Twalha," alianza, "ni kweli walimtafuta sana. Ni kweli boti zao zilikesha. Ni kweli waziri mwenyewe amesema kwa uchungu..."

Binti aliushusha mwiko.

"Mwalimu, hebu anza na la mwisho."

"Wameacha, mama. Tangu jana."

Sufuria iliendelea kuchemka.

"Kule redioni ulisema hawamwachi mtu," Binti alisema taratibu. "Aliyasema yeye, au uliyasema wewe?"

Saturnini aliupokea mwiko kutoka mkononi mwake.

Binti alijifunika khanga, akaketi chini, akaanza kulia. Pilau ile ndiyo iliyoliwa matangani, na Saturnini naye alipakuliwa sahani, akala.