Chupa Moja, Mashamba Mawili

Mawazo alirudi Buterere siku ya kumi na tatu tangu aondoke, akiwa bado amefunga kitambaa cheusi cha msiba. Alikuwa amevuka mpaka kwenda Uvira kumuuguza mama yake, na mama yake akamfia mikononi. Hakupitia nyumbani. Aliuweka mfuko wake kwenye tuta na kuingia moja kwa moja kwenye mahindi.

Kabla hajaondoka alikuwa ameyapima vizuri. Mwaka uliotangulia kiwavi jeshi mgeni alikuwa ameingia Burundi, na watu wa bondeni walivuna mabua. Baadaye Radjabu, moniteri wa kilimo, aliwafundisha wanawake wachache namna ya kumkagua. Wengi walichoka siku ya pili. Mawazo hakuchoka. Alijifunza kutembea shambani kwa kupinda kushoto na kulia, kusimama mahali patano, na kila mahali kufunua mioyo ya mahindi ishirini, pale majani machanga yanapojikunja. Jumla mia. Kama mahindi bado madogo na ishirini kati ya mia yameliwa karibuni, unapiga dawa. Chini ya hapo unangoja, kisha unarudi baada ya siku tatu au nne.

Siku aliyoondoka alipata kumi na sita.

"Tungoje," alimwambia mumewe, Mugisho. "Lakini siku ya ine uingie tena uhesabu. Uingie katikati, Baba Clovis, si kando ya njia."

Mugisho aliitikia.

Sasa Mawazo alisimama katikati ya shamba na hakuhitaji kuhesabu, ila alihesabu. Majani yalikuwa yamechanika kama nguo ya kichaa. Ndani ya mioyo kulijaa kinyesi kibichi, kama unga wa mbao uliolowa maji. Alikichokoa kwa kijiti. Chini yake kiwavi mnene, mrefu kama kidole chake cha mwisho, alijikunja. Kichwani alikuwa na alama nyeupe ya panda iliyogeuzwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yamekaa pembe nne. Katika kila mhindi alikuwa mmoja tu. Wakubwa walikuwa wameshawala wenzao.

Hamsini na nane kati ya mia. Na mbelewele, yale maua ya kileleni, zilishaanza kuchungulia.

Mugisho alimkuta amekaa chini.

"Pole ya musiba," alisema.

"Ulihesabu?"

Mugisho alitazama pembeni. "Nilipita. Yale ya njiani yalikuwa mazuri."

"Uliingia?"

"Kulikuwa kazi ya kubeba matofali kule Gihosha, Mama Clovis. Nilipita asubuhi, nikapita jioni. Mi niliona majani ya kijani."

Mawazo alikitupa kijiti. Alijua kwamba siku zile za mwanzo viwavi walikuwa wadogo kama uzi, wakikwangua jani upande mmoja na kuacha vidirisha vyeupe. Mtu aliye njiani hawezi kuviona. Siku zile ndizo dawa ingewaua.

Dawa ilikuwepo. Chupa moja, chini ya kitanda, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Walichanga wawili: yeye na Béatrice, mjane wa shamba la jirani, ambaye mumewe aliuawa Kamenge wakati wa vita. Chupa ilitosha shamba moja tu kwa mara moja. Walikubaliana kwamba Mawazo aitunze, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kuhesabu, na shamba litakalofika hesabu kwanza ndilo lipigwe.

"Mi naenda kuazima pampu," alisema Mugisho. "Leo leo tupige."

"Apana."

"Apana namna gani? Hamsini na nane! We mwenyewe ulisema ishirini."

"Ishirini ya wakati bado wadogo. Hawa wamekomaa. Wamejifungia chini ya kinyesi, dawa haiwafikii. Wengine kesho watashuka kwenye udongo kugeuka nondo, na mahindi yanatoa mbelewele. Tutakuwa tunamwaga dawa chini."

"Basi imwagike! Mutu anaona mutoto wake anakufa, anasema dawa imechelewa?"

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu wiki ile ile alikuwa amekaa na mama yake hospitalini na kuambiwa hivyo hivyo. Aliinuka akavuka mfereji kwenda shamba la Béatrice.

Béatrice alipanda wiki tatu baada yao, maji ya mafuriko yalipokauka. Mahindi yake yalifika gotini. Mawazo alipita mahali patano. Kwenye majani mengine aliona mayai yaliyofunikwa kwa manyoya ya kijivu, kama ukungu wa mkate. Kwenye mengine vidirisha vyeupe na viwavi wasiofikia nusu ya ukucha. Thelathini na mbili kati ya mia.

Béatrice alikuwa anapalilia. Alisimama akiwa ameushika mgongo.

"Mwanangu, pole ya mama. Yangu ni ngapi?"

Mawazo angeweza kusema kumi. Mjane yule hakujua kuhesabu, na Mugisho alikuwa ng'ambo ya mfereji anatazama.

"Thelathini na mbili," alisema. "Inabidi tupige leo, jua likishuka, wakati wanatoka kula."

"Na yako?"

"Yangu imeshapita."

Béatrice alifunika mdomo kwa kiganja. Hakusema asante, na Mawazo alishukuru kwamba hakusema.

Jioni Mawazo alijifunga kitenge puani, akavaa buti na glavu za kuazima, akapiga dawa mwenyewe, akielekeza mdomo wa pampu kwenye moyo wa kila mhindi. Mugisho alikaa mlangoni. Mkewe aliporudi hakumpa maji ya kunawa.

"Umewapa watu chakula cha watoto wako," alisema.

"Nimeipeleka pale inapofanya kazi."

"Ungekuwa umenipigia simu toka Uvira, ungeniuliza kama nimehesabu."

"Nilikuwa nazika mama."

Siku tano zilizofuata Mawazo na Clovis waliwatoa viwavi kwa mkono, wakiwaponda kwenye kopo. Walitoa mamia. Mamia mengine yalikuwa yameshashuka ardhini, na baada ya siku kama kumi nondo wa kijivu walitoka huko na kutaga upya. Kizazi kile kipya kiliingia kwenye ndevu za mahindi, kisha ndani ya mahindi yenyewe. Mvua ikaingia kupitia matundu, na punje zikaota kuvu.

Mavuno yalikuwa magunia mawili na nusu. Mwaka wa kawaida shamba lile lilitoa kumi na moja. Nusu gunia lilikuwa na kuvu, na Mawazo alilimwaga ingawa watoto walilia.

Mugisho hakungoja mahindi yakauke. Alisema anakwenda Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu na angetuma kitu mwisho wa mwezi. Mwezi uliisha, na wa pili. Simu yake ilizimwa. Mawazo hakujua kama amefukiwa shimoni au amemchoka tu, na hakuna mtu aliyeweza kumwambia.

Béatrice alivuna magunia sita. Alileta mawili kwa toroli ya kuazima, akayashusha mlangoni, akakaa juu ya moja kupumua.

"Haya si msaada," alisema. "Ni hesabu yako."

"Mama Béa, we una wajukuu wanne."

"Ninao. Ndiyo sababu sikuleta matatu."

Mawazo alifungua kamba, akaingiza mkono ndani ya punje, akaanza kulia. Hakuwa amelia tangu Uvira. Béatrice alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamuuliza kama mawe ya kupikia yamepata moto. Yalikuwa baridi. Wakaanza kutafuta kuni.