Jozi Mia na Hamsini na Tatu

Kadi ya kazi iliingia kwenye kompyuta ya Dorika Jumatatu asubuhi, ukungu wa Newala ukiwa bado umeziba dirisha. Kengele ya mfumo ililia, akafungua. Kadi ilitoka Masasi, ofisi kuu ya mradi wa korosho, imetumwa na Godwin, mkuu wa takwimu. Maelezo yake yalikuwa mafupi kama mkia wa mbuzi:

"Orodha ya Kitangari. Ondoa mashamba yanayojirudia. Kila shamba libaki na jina moja. Mwisho Alhamisi saa kumi jioni."

Mezani kwa Rajabu, mwenzake wa chumba kimoja, ilikuwa imeingia pacha wa kadi hiyo. Maneno yale yale, ila yake ilikuwa ya Chilangala na mwisho wake Jumatano.

"Kazi ya nusu siku hii, Mama Loveness," Rajabu alimwambia Dorika, akijinyoosha kitini. "Unapanga, unafuta, unakwenda kunywa chai."

Dorika alifungua orodha. Kwanza alipakua nakala za orodha zote mbili, ya kwake na ya Rajabu, akazihifadhi pembeni. Alikuwa na tabia hiyo. Hafuti kitu asichoweza kukirudisha. Kisha akaanza kupitia mistari.

Orodha hiyo haikuwa ya kupambia kabati. Tangu biashara ya korosho ilipofunguliwa na kampuni binafsi kuruhusiwa kuingia vijijini, kila mwenye korosho alijifunza kuishi kwa orodha za watu. Msimu huu mradi ulikuwa ugawe salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, na aliyekuwemo kwenye orodha angepata, asiyekuwemo angetazama. Mikorosho ilishaanza kutoa maua. Ugonjwa wa ubwiriunga ukiwahi kuyakalia maua hayo, yanakauka kama yamepitiwa na moto, na msimu umekwisha kabla haujaanza.

Kufika saa saba mchana Dorika alikuwa na jozi mia mbili na kumi na nne za majina yaliyokaa ndani ya mpaka mmoja wa shamba. Sitini na moja zilikuwa rahisi: mtu yule yule, simu ile ile, kaandikishwa mara mbili kwa sababu waandikishaji walipita mara mbili. Hizo aliziunganisha. Zilizobaki, mia na hamsini na tatu, zilimkwamisha. Zilikuwa za watu wawili tofauti.

Na yeye, mzaliwa wa Kitangari, alijua kwa nini. Huku juu Newala ardhi ni kitu kimoja na mkorosho ni kitu kingine. Mwanamke ana ardhi ya ukoo wa mama yake, analima mihogo na kunde. Mikorosho iliyosimama humo humo ni ya mtu mwingine, aliyepewa nafasi akapanda. Mti ni wa aliyeupanda. Waandikishaji walilijua hilo, wakawaandika wote wawili, na kwenye safu ya mwisho, ile ya "mengineyo", wakaandika nani ni nani. Sasa libaki jina gani?

Chini ya kadi kulikuwa na sehemu ya maoni. Dorika akaandika: "Naomba ufafanuzi hapa, sijaelewa vizuri." Akatuma.

Jumanne ikapita nzima. Saa kumi na moja jioni kengele ikalia. Godwin alikuwa amejibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa juu.

"Kidole!" Dorika alimwonyesha Rajabu. "Nimeomba ufafanuzi, kaniletea kidole!"

"Shukuru kakuletea gumba," Rajabu alisema. "Vingine vina matusi."

Dorika aligeukia kompyuta. Akaandika tena: "Bado sijaelewa kuhusu majina." Jumatano asubuhi alikuta jibu: "Dada, maelekezo yapo juu. Tumia akili."

Tumia akili! Miaka sita kwenye kiti hiki, na mtu aliyekaa Masasi, ambaye hajawahi kukanyaga shamba la Kitangari, anamwambia atumie akili! Vidole vyake vikakimbia vyenyewe: akili anayo, maelekezo ndiyo hayana, aliyeyaandika ayasome mwenyewe aone kama ataelewa. Maneno yalikuwa matamu kuyaandika. Alikuwa amekiweka kidole juu ya kitufe cha kutuma mlango ulipobishwa hodi.

Alikuwa Mzee Dastani wa Kitangari, kofia mkononi, viatu vimejaa mchanga mwekundu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza neno moja tu, halafu nirudi. Jina langu limo?"

"Limo, baba."

"Na litakuwemo?"

Dorika akatazama orodha. Mzee akaendelea, "Wanasema kijijini mnachuja. Mimi shamba sina, mwanangu, wewe unajua. Ardhi ni ya Shakila. Marehemu mama yake ndiye aliyenipa pale nipande. Lakini mikorosho arobaini na sita ile ni jasho langu. Mwaka jana ubwiriunga ulinimaliza. Mwaka huu imetoa maua meupe mpaka unapita unasimama. Isipopulizwa wiki hii na ijayo, basi tena. Nataka kujua tu. Kama simo, nikauze mbuzi nitafute salfa mwenyewe."

"Nitakujibu kesho, baba."

"Kesho hiyo mnayo nyingi ninyi watu wa ofisi," mzee alisema bila hasira, akavaa kofia yake, akatoka.

Dorika alirudi kwenye kioo cha kompyuta. Hasira yake yote ilikuwa pale, mistari minane, inamsubiri. Akaisoma. Kisha akapandisha juu akasoma maoni yake mawili ya mwanzo, akaona aibu. "Sijaelewa vizuri." "Kuhusu majina." Majina gani? Mzee asiyejua kompyuta kaingia hapa, kauliza swali moja, na kila mtu chumbani kalielewa: yeye ni nani, ana nini, anataka kujua nini, na akijibiwa hivi atafanya nini. Yeye mwenye cheti kaandika nini? Swali lisilo na mpini, Godwin alishike wapi?

Alifuta mistari minane yote. Ilimuuma, maana mmoja ulikuwa mzuri kweli. Akaandika upya:

"@Godwin, swali moja. Naomba jibu kabla ya saa sita mchana kesho, Alhamisi. Maelekezo yanasema kila shamba libaki na jina moja. Jozi 61 ni mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili, nimeshaziunganisha. Jozi 153 ni watu wawili tofauti ndani ya mpaka mmoja. Mfano, shamba KT-0418: Shakila ni mwenye ardhi, analima mihogo. Dastani ni mwenye mikorosho 46 iliyopo hapo. Tazama safu ya 'mengineyo'. Orodha hii ndiyo ya kugawia salfa, na anayepuliza ni mwenye mikorosho. Tubakize nani: (A) mwenye ardhi, (B) mwenye mikorosho, au (C) wote wawili? Napendekeza B. Sitafuta jina lolote katika hizo 153 mpaka nipate jibu hapa."

Akatuma. Akamgeukia Rajabu. "Na wewe subiri. Kadi yako ina shida hii hii. Iandike huko kwako."

"Yangu mwisho ni leo saa kumi, Mama Loveness. Nimeshampigia simu."

"Umemuuliza nini?"

"Nimemwambia, kaka, yanayojirudia nibakize la kwanza au la pili? Kasema la kwanza. Kwisha."

"La kwanza ni lipi?"

"Lililo juu."

"Rajabu! Lililo juu ni la aliyekuwa nyumbani mwandikishaji alipopita! Mara mwenye ardhi, mara mwenye miti. Godwin anajua umemuuliza kuhusu watu wawili?"

"Mimi nimeuliza, yeye kajibu. Ukiuliza sana utaonekana hujui kazi." Akabonyeza. Majina tisini na saba ya Chilangala yakaondoka kama makapi kwenye ungo, na kadi yake ikageuka kijani: imekamilika. Ya Dorika ilibaki nyekundu, peke yake, inamtazama.

Alhamisi saa nne, bado kimya. Saa tano kimya. Dorika alimimina chai ikapoa, akaipasha, ikapoa tena. Saa tano na nusu kengele ikalia.

"Kumbe ni watu wawili?" Godwin aliandika. "Mimi nilidhani ni makosa ya waandikishaji. Sikuwa nimefungua hiyo safu. Ngoja niwaulize wa ugawaji."

Dakika ishirini baadaye: "Jibu ni B. Salfa kwa mwenye mikorosho. Mwenye ardhi asifutwe, ahamishiwe kwenye orodha ya ramani ya mashamba. Nimerekebisha maelezo ya kadi hapo juu ili mwingine asipotee."

Dorika alisoma mara mbili. Hakupata furaha aliyoitarajia. Siku tatu! Siku tatu za kuzungushana kwa jambo la dakika ishirini, na siku moja na nusu kati ya hizo kazipoteza yeye mwenyewe. Akafanya kazi bila kuinua kichwa. Saa tisa na robo orodha ya Kitangari ilikuwa tayari, Dastani ndani, Shakila kwenye ramani. Akampigia mzee simu. "Baba, mbuzi abaki zizini."

Hapo ndipo simu ya Rajabu nayo ilipolia. Alipokea akicheka, kisha kicheko kikakatika.

"Shikamoo mjomba... Hapana, mjomba... Lori limeshafika?... Wamesoma majina?... Hujaitwa?"

Alikuwa Isaka, mjomba wake wa Chilangala, ndugu wa mama yake, aliyemlea. Mwenye mikorosho sitini kwenye ardhi ya shemeji zake. Lori la Chilangala lilikuwa limeondoka Masasi asubuhi na orodha ya jana. Mifuko mingine ya salfa ilikuwa inashushwa kwa wenye mihogo.

Rajabu aliweka simu mezani kifudifudi. "Godwin ndiye kasema la kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Atakataa?"

"Hatakataa. Hatakumbuka. Imeandikwa wapi?"

Hakukuwa na mahali. Chini ya kadi ya kijani ya Chilangala, sehemu ya maoni ilikuwa tupu, safi kama sahani iliyolambwa.

"Nakala ya Jumatatu ninayo," Dorika alisema. "Majina yote tisini na saba yamo. Tutayarudisha leo. Lakini lori la pili ni Jumanne, na salfa iliyobaki ghalani sijui kama inatosha. Hilo sisi hatuna jibu lake."

"Jumanne! Maua yatasubiri Jumanne?"

Nje upepo wa uwandani ulikuwa unabeba harufu ya maua ya mikorosho mpaka ndani ya chumba, tamu, kama vile hakuna kilichoharibika.

Rajabu alivuta kiti karibu na kompyuta yake, akaifungua upya ile kadi. Rangi ya kijani ikatoka. Akaweka vidole juu ya herufi.

"Mama Loveness," alisema. "Naanzaje?"

"Anza na namba ya shamba la mjomba wako," Dorika alisema. "Halafu sema kilichotokea. Halafu uliza kitu kimoja tu: salfa ya Jumanne ipo, au haipo?"