Duka Lililosamehe Watu

Kabla sijafungua kopo la rangi, humuuliza mteja swali moja: haya maneno unamwambia nani? Wengi huniona mjuaji. Wanasema jina ni jina tu. Si kweli hata kidogo. Mjomba wangu kule Bukoba aliandika SHEMEJI UMEONA nyuma ya basi lake la kwanza, kwa sababu shemeji yake aliwahi kumwambia mbele za watu kwamba hatamiliki hata baiskeli. Abiria walicheka, shemeji akawa anapanda mabasi ya watu wengine, na mjomba akaishi kwa raha. Waswidi, ninaoishi nao sasa, nao ni walewale, ila wanaficha. Theluji ikiyeyuka, boti zikiwa bado nchi kavu zinakwanguliwa na kupakwa rangi, mimi huitwa kuandika majina kwenye matako ya boti. Yuko mzee mmoja ambaye nimemfutia jina mara mbili, mara zote kwa sababu ya talaka. Nimemshauri sasa aweke la mbwa.

Siku za kazi niko kwenye karakana ya mabango mjini Upplands Väsby, ambako mashine inakata herufi za plastiki na sisi tunazibandika kwenye magari ya mafundi bomba. Jumamosi naandika kwa mkono, kwa brashi, kwa ajili ya watu wetu. Ndivyo nilivyokutana na Denise, Mkongo wa Uvira, aliyekuwa anafungua duka kwenye kitongoji cha Rinkeby: unga wa muhogo, sombe ambayo sisi tunaiita kisamvu, mawese, na dagaa ambao wao huwaita ndagala.

Kwa jina la duka, Wakongo wengi huchagua kati ya Mungu na mtoto. Denise alianza na Mungu, akataka Dieu Merci, lakini saluni ya mtaa wa pili ilishamshukuru Mungu kabla yake. Akahamia kwa mtoto: Maison Arielle. Binti yake Arielle akajibu kwa Kiswidi kwamba hilo ni pinsamt, yaani aibu tupu, na kwamba wenzake wa chuo wanapita hapo kila siku. Basi Denise akanipa karatasi aliyoiandika mwenyewe: NIMEWASAMEHE WOTE.

Nikauliza swali langu.

"Haiko kwa mtu," alisema. "Miye niko nasema na Mungu."

Nikamwambia kwamba Mungu haendi kununua unga Rinkeby, na kwamba maneno yasiyo na mwenyewe hujitafutia mwenyewe. Akanitazama kama mtu anayemtazama fundi aliyeanza kuhubiri. Sikubishana. Mwenye nyumba alikuwa amekataa bango la nje, kwa hiyo niliandika kwenye kioo, kwa ndani, herufi zikiwa kinyumenyume ili anayepita nje azisome sawasawa na mvua isiziguse. Nilitoboa vitundu kwenye karatasi kufuata umbo la kila herufi, nikaibandika, nikapigapiga kifuko cha unga wa chaki mpaka alama zikatokea kwenye kioo, kisha brashi. Nyekundu, na ukingo wa dhahabu. Ukitoka kituo cha treni unaisoma kabla hujavuka uwanja. Ilikuwa kazi nzuri na nilijivunia.

Wa kwanza kuingia alikuwa Norbert wa kwaya. Alinunua chupa mbili za mawese asizozihitaji, kisha akakiri kwamba sufuria kubwa ya Denise, ile iliyopotea kwenye harusi, iko kwake. Akafuata Wangari, Mkenya, kueleza kwamba ile kazi ya kupika kwenye sherehe ya ubatizo hakumpokonya, aliitiwa. Denise alicheka sana akinisimulia kwenye simu. Hakuwa hata anajua habari ya Wangari.

Halafu kicheko kikakauka. Watu walianza kuulizana kanisani: amesamehe nani, na kwa kosa gani? Ukimsamehe mtu hadharani umemshtaki hadharani, na hakuna aliyetaka kuonekana akiingia kwenye duka lile, asije akadhaniwa ndiye. Walivuka uwanja wakienda kwenye duka la Msomali mmoja, aliyekuwa na unga mbaya zaidi na kioo kisichosema lolote. Sombe ikalala kwenye friza. Denise akaniita nije nifute.

Nilifika na wembe wa kukwangulia na spiriti. Nilikuta ameketi peke yake juu ya gunia. Nikamuuliza tena, kwa sauti ya chini, alikuwa anamwambia nani.

Safari hii alinijibu. Alikuwa anamwambia Nicole. Walifika Sweden pamoja, wakalala chumba kimoja kwenye kambi ya wakimbizi, wakafundishana kuvaa viatu vya barafu. Mama yake Denise alipofariki kule Uvira, watu walijaa nyumbani kwake huku Sweden kukaa naye matanga, wengine hata hakuwajua. Nicole, aliyekuwa amehamia Södertälje, hakuja. Hakupiga simu. Tangu hapo wakikutana sokoni kila mmoja alikuwa anasoma bei za vitu.

"Na akisimama hapa mlangoni sasa," nikasema, "utamwambia umemsamehe?"

Akatazama mlango. "Hapana. Nitamwambia aingie."

Hapo nikaona kosa letu, langu na lake. Tuliandika hukumu mahali pa mwaliko. Nilimkumbusha desturi ya kwao wenyewe, kwamba duka likipewa jina la mtu ni heshima kwa mtu huyo, na pia kwamba wateja humwita mwenye duka kwa jina lililoko mlangoni. Atakayeandika jina la mwenzake ataitwa kwalo mpaka afunge duka. Alijua yote hayo kuliko mimi. Akasema niandike CHEZ NICOLE, yaani kwa Nicole.

Nikaogopa. Nikamwambia hatujaomba ruhusa, na mwenyewe anaweza kukasirika.

"Akikasirika, atakuja," alisema Denise.

Nilikwangua, nikaosha kioo, nikaandika. Watu wakasoma, wakaelewa kwamba hakuna anayeshtakiwa, wakarudi. Wangari alisema afadhali, alikuwa amechoka kununua unga wenye mchanga. Norbert alirudisha sufuria. Lakini Denise, kila mlango ukilia, aliinua uso haraka na kuushusha taratibu. Nilimwonea huruma, na nilianza kulijutia lile jina.

Jumamosi moja nilikuwa nachagua ndagala, duka limejaa. Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama Nicole, unga iko?" na Denise akajibu iko. Mlangoni palikuwa na mwanamke aliyevaa koti la kazi la kiwandani. Alikuwa ameshika kitasa, hajaingia, hajatoka. Denise akamwona, akaacha mizani.

"Nasikia wananiita humu kila siku," mwanamke yule alisema. "Wameniambia mpaka Södertälje. Miye nikaona haya. Siku ya kwanza ya matanga nilikuwa kazini, ya pili nikasema kesho, kisha ikapita, na nikashindwa nitaanzia wapi."

"Ingia," Denise alisema.

Nicole akaingia. Akapita katikati ya watu na vikapu vyao mpaka kwenye kaunta, akamshika Denise mikono yote miwili.

"Pole juu ya mama," akasema.

Denise akaketi juu ya gunia la unga na kulia kwa sauti, kilio ambacho nadhani alikuwa amekiweka muda wote ule, na Nicole akaketi kando yake wakalia pamoja. Mimi pia nililia, sioni aibu kusema. Wangari akaweka kikapu chini, akageuza kreti, akaketi. Wengine wakaketi walipopata. Hakuna aliyeuliza chochote. Tukakaa matanga hapohapo, kati ya mawese na sombe, na mimi niliyekuwa karibu na mlango nikageuza kibao kiseme tumefunga.