Kushoto mwa Picha

Shangazi yangu hajaona kitu tangu mwaka juzi, lakini ulimi wake unaona mpaka ng'ambo. Baba, kaka yake, alimwekea sharti: akiingia kwenye nyumba aliyotaka kupanga, afike jikoni na kumletea maji bila kushikwa mkono, atamwachia aishi peke yake. Akishindwa, virago vyake kwetu, alale chumba kimoja na wadogo zangu wanaokoroma kama mashine za kusaga.

Nyumba ilikuwa imefungwa, na funguo zingekuja na Baba saa kumi. Tulichokuwa nacho ni ramani tu, msimamizi wa nyumba aliichora kwa kalamu nyuma ya kalenda. Asubuhi niliipiga picha, nikaituma kwenye programu ya akili bandia na kuiomba ieleze mpangilio. Ikajibu vizuri: mlango wa kuingilia uko juu ya picha, sebule katikati, jiko kushoto mwa picha, chumba na choo chini. Nikamsomea Shangazi kwa sauti ya mtangazaji wa habari, nikifupisha njiani. Akakariri, akapanga viti vyetu kama vyumba na kuvizunguka mchana kutwa. Hakukaa hata dakika mbili.

Saa kumi kasorobo tulikuwa mlangoni. Shangazi alisimama, akainua kidevu.

"Mwanangu, jiko liko wapi?"

"Kushoto, Shangazi."

"Mbona bomba linadondosha maji upande wa kulia?"

Nikafungua simu, nikasoma tena. Kushoto mwa picha! Yale maneno mawili, "mwa picha", nilikuwa nimeyatupa kama maganda. Mlango umechorwa juu ya karatasi, kwa hiyo anayeingia anatembea kuelekea chini, na kushoto kwa karatasi kunakuwa kulia kwake.

"Una macho mawili na yote ya bure," alisema.

Nikaandika upya: eleza kama mtu anayeingia mlangoni. Sasa jiko likawa kulia, baada ya sebule. Chini kulikuwa tena na sentensi niliyoiruka asubuhi: kuna mstari mfupi mbele ya jiko, programu haiwezi kujua kama ni kizingiti au ngazi, bora aulizwe aliyechora. Nikampigia msimamizi huku nikichungulia barabara. Ngazi moja, akasema, ya kushuka.

Gari la Baba likakata kona. Shangazi alikuwa akitembeza vidole hewani, kulia, ngazi, kulia, ngazi, kama anayehesabu mshono.

Baba alifungua mlango bila salamu ndefu. Shangazi akatoa glasi kwenye mkoba wake, akaingia. Tulisikia fimbo yake ikigonga ukuta, ikinyamaza, kisha mguu ukishuka taratibu. Baba alianza kumfuata. Nikamshika shati, na hilo sikuwa nimewahi kulifanya maishani.

Bomba likafunguliwa.

Alirudi na glasi, nusu ya maji yakiwa kwenye gauni.

"Kunywa, kaka," alisema. "Ukimaliza, kaniletee godoro langu."