Neno Mgongoni mwa Jacky

Picha iliingia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya Jumatatu asubuhi. Kufikia saa nne, wateja watatu walikuwa wameshamwonyesha Kamene pale kibandani kwake Mbotela, anakouza ndizi na maparachichi. Binti yake Jacky alikuwa ameinama kwenye karai, akiosha sahani baada ya chakula cha kanisa. Alikuwa amevaa jezi ya buluu, na mgongoni kulikuwa na herufi nyeupe, kubwa: SLUT. Upande wa kulia ulifunikwa na leso aliyoitupia begani. Chini ya picha, Mutunga, mwenyekiti wa kwaya aliyeipiga, alikuwa ameandika kwamba msichana anayejitangaza malaya kwa Kiingereza hawezi kuongoza nyimbo mbele ya madhabahu.

Kamene alifunga kibanda, akaenda nyumbani mbiombio. Alimkuta Jacky akifua.

"Ulivaa nini kanisani?"

"Jezi. Si wewe ndiye uliyeninunulia Gikomba?"

Jibu lile lilimchoma. Alimzaba kofi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Jacky akiwa darasa la tano, akaichukua jezi kwenye rundo la nguo zilizosubiri kufuliwa na kuitia kwenye jiko lililokuwa likichemsha maharagwe. Ilinuka vibaya ikiungua.

Jacky hakulia. Alijifuta povu mikononi, akachukua simu yake na kumwonyesha mama yake picha nyingine, aliyopigwa na rafiki yake siku jezi ilipokuwa mpya. Mgongo wote ulionekana. Neno lilikuwa SLUTSPEL, na chini yake, kwa herufi ndogo, yalikuwapo maneno mengine.

"Neno halikuishia pale, mathe. Hata wewe hukuuliza."

Alasiri Kamene alikuwa kwenye soko la mitumba la Gikomba, mbele ya Nuradin, aliyemuuzia jezi ile. Alimsukumia kifuani simu yenye picha ile ya pili.

"Umeniuzia matusi, nikamvisha mtoto wangu."

"Pole pole, mama. Hebu nione." Nuradin aliikuza picha kwa vidole. "Ukiiuliza simu kwa Kiingereza, itakupa tusi. Lakini tazama hapa chini. *Handboll. Flickor födda 01.* Umeona hii o yenye nukta mbili juu? Hicho si Kiingereza. Robota la mitumba nililoitoa humo lilitoka Swideni."

Alichagua Kiswidi kwenye programu ya kutafsiri, akaelekeza simu kwenye neno zima. Jibu lilikuja: mechi za kuamua bingwa. Akajaribu maneno ya chini: mpira wa mikono, wasichana waliozaliwa mwaka wa 2001. Mwishowe aliandika zile herufi nne peke yake, bado kwa Kiswidi. Mwisho, simu ikasema. Tamati.

"Ni timu ya watoto wa shule," alisema Nuradin. "Walifika fainali wakashonewa jezi."

Kamene alimwomba amtumie yote hayo, kila jibu na picha yake. Njiani aliona hasira yake haijapungua hata kidogo. Ilikuwa imepata tu mahali pa kwenda, na mahali pengine palikuwa kwake mwenyewe.

Jumatano jioni aliingia kanisani wakati wa mazoezi. Waimbaji walinyamaza mmoja mmoja. Mutunga, aliyekuwa bado na tai yake ya ofisini, alisoma simu aliyopewa, akairudia.

"Mimi sikujua, Mama Jacky."

"Hukuuliza."

"Lakini hata kama ni Kiswidi, watu wa hapa wanasoma Kiingereza. Nilikuwa nalinda jina la kwaya."

"Basi ungemwita kando umwambie ajifunike. Wewe uliona mtoto ameinama anakuoshea sahani yako, ukamnyemelea kwa nyuma na simu. Neno limefunikwa nusu, nawe ukalimalizia mwenyewe. Andika. Sasa hivi, kwenye kundi lile lile, nikiwa nimesimama hapa."

Mutunga aliandika. Mwanzo alisema kulikuwa na kutoelewana; Kamene akamfutisha. Mara ya pili aliandika kwamba jezi ilisema fainali, kwamba yeye hakuhakikisha, na kwamba amemkosea Jacky. Akaifuta picha. Lakini mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu alisema kwa upole kwamba shangazi yake wa Kware alikuwa nayo tangu jana, kwenye kundi lingine kabisa.

"Mwambie arudi Jumapili," Mutunga alimwambia Kamene.

"Mwambie wewe."

Mutunga alimpigia Jacky mara mbili wiki ile. Jacky alimsikiliza, akamshukuru, akasema haimbi tena pale.

Kamene hakumshawishi. Jumamosi, walipokuwa wakianika nguo pamoja, alisema, "Nilikupiga bure. Nilikosa, Jacky."

"Ulikosa," Jacky alisema. Alikung'uta shuka, akamnyoshea mama yake ncha moja aishike.