Barua Pepe ya Dimbwi la Mashariki

Mwanabibi hakujua kuandika kwa kifupi, wala hakutaka kujua. Alikuwa mkaguzi wa usalama wa kampuni ya chumvi yenye ofisi mjini Malindi na madimbwi yake kule Marereni, na barua pepe zake zilisifika kwa adabu. Huingii nyumba ya watu bila hodi, alikuwa akisema, sasa barua iingie vipi hivi hivi? Basi zilianza kwa salamu, zikapitia dua, zikaulizia wagonjwa, na yote hayo yakakaa ndani ya aya moja nene isiyo na pa kuvutia pumzi. Meneja wake, Okoth, aliwahi kumwambia, "Dada, wale wanasoma kwa simu, wamesimama juani. Waachie nafasi." Mwanabibi alinuna siku nzima.

Asubuhi hiyo aliletewa picha za tuta la mashariki, lile linalozuia bahari isiingie dimbwini. Lilikuwa na ufa wa kupitisha mkono, na alasiri maji ya bamvua, yale makuu kuliko yote ya mwezi, yangejaa. Mnara wa simu wa Marereni ulikuwa umezima. Kilichobaki ni intaneti ya getini, ambako wafanyakazi huacha simu zao, maana maji ya chumvi huziua. Hapo ndipo Mramba, msimamizi, angesoma barua yake kabla ya kuingia na kina mama wanaokwangua chumvi.

Akaandika kama alivyozoea. Salamu, dua, pole kwa mama yake Mramba, kisha historia ya tuta, lilijengwa lini na likazibwa na nani. Akaituma, akajiona ametimiza wajibu.

Jibu halikukawia. "Ahsante sana dada, twashukuru kwa dua, mama aendelea vyema. Dimbwi la mashariki, kabla ya alasiri, tumeelewa. Twaingia sasa hivi."

Alitabasamu kwa habari za mama. Halafu tabasamu likamkauka. Twaingia?

Akafungua simu yake mwenyewe, akaitafuta barua aliyotuma. Kwenye kompyuta ilikuwa mistari tisa. Kwenye simu ilijaa kioo kizima ikaendelea chini. Kioo cha kwanza kilikuwa salamu tupu. Akashusha kidole. Maneno yamebanana, hakuna mstari uliorukwa, jicho halina pa kutua. "Dimbwi la mashariki" liliangukia mwanzo wa mstari mmoja, "kabla ya alasiri" mwanzo wa mwingine. Na "asiingie mtu yeyote"? Ilimbidi aitafute, yeye aliyeiandika. Ilikuwa katikati, imefinywa baina ya koma mbili. Kila asubuhi Mramba hupokea maagizo ya kazi, jina la dimbwi na muda. Leo pia ameokota jina la dimbwi na muda.

Akaanza upya. "Mpendwa kaka Mramba, natumai..." Akafuta. Kuanza bila salamu kulimuuma kama kumgeuzia mtu mgongo. Lakini aliandika, akawatumia Mramba na Kadii, mlinzi wa geti:

TOA WATU DIMBWI LA MASHARIKI SASA.

Tuta limepasuka.

Maji yanajaa alasiri. Asirudi mtu.

Okoth alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, akaisoma kwa kutupa jicho mara moja, akageuka rangi. "Ile ya kwanza ilisema hivi?"

"Ilisema," Mwanabibi akajibu kwa sauti ndogo. "Ndani."

Okoth alituma gari, ingawa wote wawili walijua ubovu wa njia ile. Mwanabibi alibaki na kioo cha simu. Nje upepo ulikuwa ukipigapiga dirisha, upepo wa maji yanayopanda, na kila alipofumba macho aliwaona kina mama wameinama na majembe yao, migongo yao imeelekea tuta.

Kadii akajibu: "Nimeiona. Nakimbia."

Toka getini hadi dimbwi la mashariki ni mwendo mrefu, na huko intaneti haifiki; jibu lingesubiri arudi. Alijaribu kupiga simu, haikupita. Alijaribu kuomba dua, akajikuta anarudia maneno yale yale aliyoyaweka juu ya barua ya kwanza, akaacha kwa aibu. Saa ikasonga. Adhana ya alasiri ikapita.

Hatimaye simu ikatetemeka mezani. Ilikuwa barua ya Kadii, na yeye pia hakuwa na nafasi ya hodi:

Kina mama wote wametoka.

Tuta limekwenda na maji.

Mramba alikuwa nyuma yao akiwahimiza.

Mwanabibi akashusha kidole kutafuta mstari wa kusema kama Mramba naye ametoka. Akashusha tena. Chini kulikuwa kweupe, na kidole chake kikaendelea kushuka.